Picha ya chupa ya chumvi iliyoniaibisha mbele ya ushirika

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Mwalimu, naomba zile slaidi zako za kuhifadhi mahindi, nina mafunzo na ushirika wetu kesho kutwa." Nilifurahi, sikatai. Kuna wakati slaidi hizo hizo zilinifanya nikae wiki nzima bila kushika simu. Nimemtumia, lakini nimemwahidi kwamba nitaeleza hapa slaidi moja ilivyonichoma, maana wengi wenu mnatengeneza mafunzo ya aina hii na mtapita njia niliyopita.

Slaidi zangu za kwanza zilikuwa maneno matupu. Sitazisimulia, mnazijua. Nilipoombwa kurudi nilizifuta zote nikaanza upya na picha nane, neno moja au mawili chini ya kila picha. Nilipiga picha mwenyewe, mikono inayoonekana ni ya wanaushirika wenyewe, na siku ya mafunzo ukumbi ulichangamka hadi nikajiona bingwa. Mzee mmoja alisimama akasema, "Leo tumeelewa bila kusomewa." Nilitembea na sentensi hiyo kifuani kwa miezi.

Picha ya nne ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Ilikuwa ya kipimo cha chumvi: chupa mbili za kioo, kila moja na mahindi hadi theluthi moja. Unatia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, unafunga, unatikisa dakika mbili tatu, kisha unaiacha itulie kwa robo saa. Mahindi yakiwa na unyevu mwingi, chumvi inanata kwenye kuta za chupa. Yakiwa makavu, chumvi inaanguka chini na kioo kinabaki safi. Chini ya chupa iliyonata niliandika "Bado." Chini ya chupa safi niliandika "Tayari."

Neno hilo la pili ndilo lililoniaibisha.

Chumvi inaanza kulowana pale hewa iliyo katikati ya punje inapofika unyevu wa asilimia 75 hivi. Kwa mahindi, hiyo ni sawa na punje zenye unyevu wa karibu asilimia 15. Kwa hiyo chupa safi inasema jambo moja tu: mahindi yamepita chini ya 15. Haisemi yamefika 14 au 12. Na ushirika ule ulikuwa umenunua mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia nje. Mfuko wa namna hiyo unataka mahindi yasiyozidi asilimia 13.5, na yakishuka hadi 13 au chini yake ni bora zaidi. Unaua dumuzi na fukusi kwa kuwanyima hewa, kazi hiyo inaiweza vizuri sana. Lakini haukaushi kitu. Maji uliyofungia ndani yanabaki ndani.

Basi wakulima walifanya nilichowaambia. Chumvi ilianguka, wakaona "Tayari", wakajaza, wakafunga siku hiyo hiyo. Baada ya miezi minne nikapigiwa simu. Mifuko kadhaa ilipofunguliwa ilitoa harufu ya uchachu, punje zimepoteza rangi, na kwenye pembe za mfuko mmoja punje zimeshikana kwa ukungu. Dumuzi hakuwepo hata mmoja. Mjumbe wa kamati akaniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Mwalimu, picha yako ilisema tayari." Mahindi yale hayakuliwa na watu wala hayakupewa kuku, kwa sababu ukungu wa aina ile unaweza kuacha sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kusagwa. Yalifukiwa. Mimi nilikuwepo, nilishika koleo.

Kwa muda nilijitetea. Nilisema walikuwa wavivu wa kuanika. Uongo mtupu. Picha huonyesha hali fulani, basi. Haiwezi kuonyesha kwamba hali hiyo ni nusu ya safari. Nikiandika aya nzima, naweza kuweka "lakini" katikati. Picha haina "lakini". Ukitaka kuisema, unaongeza picha nyingine, na mimi nilikuwa nimeona uchoyo wa slaidi nane kuwa ufundi.

Sasa zimeongezeka. Chupa safi haina tena neno "Tayari", ina maneno "Bado kidogo." Slaidi inayofuata ni turubai lile lile lililoonekana kwenye slaidi za mwanzo, mahindi yametandazwa tena kwa tabaka jembamba, mkono unayageuza, na juu yake nimechora majua mawili. Maneno: "Siku 2 tena." Hapo ndipo watu hushtuka na kuuliza, na wakiuliza ndipo unapoeleza. Majua mawili ni ya asiye na kipimo cha unyevu. Anga likiwa na mawingu, siku mbili hazitoshi. Ndiyo maana baada ya hapo nimeweka picha ya kipimo cha umeme cha unyevu, skrini imeonyesha 13.0, na neno "Funga." Ushirika ule ulichanga ukanunua kipimo kimoja, kinazunguka kutoka nyumba hadi nyumba wakati wa mavuno. Mkulima mmoja mmoja asingekimudu, lakini kikundi kinakimudu, na kwangu hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kufundisha ushirika badala ya mtu mmoja.

Ngoja niseme na hili la upigaji, kwa sababu najua mtaiga picha ya chupa. Chumvi ni nyeupe, mahindi mengi ni meupe, na simu ukiiwasha taa kioo kinang'aa chote. Picha yangu ya kwanza ilionyesha chupa mbili zinazofanana kabisa. Weka kitambaa cheusi nyuma ya chupa, mwanga utokee ubavuni kupitia dirisha, sogea karibu hadi chembe zilizonata zionekane moja moja. Na usipange chupa zote mbili kwenye slaidi moja. Niliona kina mama wawili wakibishana ni ipi nzuri, kila mmoja ameanzia upande wake. Chupa moja, slaidi moja.

Picha ya kufunga mdomo wa mfuko nayo niliipiga upya mara tatu. Ya kwanza ilionyesha mfuko uliokwisha kufungwa, kamba imekaza vizuri, picha nzuri ya ukutani. Watu wakashika mifuko yote mitatu pamoja wakaifunga kwa kamba moja. Inatakiwa wa ndani kabisa usokotwe, ukunjwe na kufungwa peke yake, kisha wa pili vivyo hivyo, ndipo gunia. Kwa hiyo onyesha mikono katikati ya kazi, mfuko wa kwanza umefungwa na wa pili bado uko wazi. Kitu kilichokamilika hakifundishi namna kilivyofanywa.

Msimu uliofuata nilitumiwa picha ya mfuko uliofunguliwa baada ya miezi sita. Punje safi, mkono umezama ndani hadi kiwiko. Ndiyo slaidi ya mwisho sasa, haina neno hata moja.

Msomaji wangu wa kesho kutwa: chumvi ya pakiti iliyofunguliwa zamani huwa imeshavuta unyevu, na itanata hata kwenye mahindi makavu. Ikaange kidogo kwenye sufuria kavu, ipoe, uifungie vizuri kabla hujatoka nyumbani. Na chupa uifute hadi ikauke ndani.