Reti ya siku ya kufungua elsii siyo utakayolipia

Swali: Nilifungua elsii ya dola 60,000 kwenye benki yangu hapa Dar es Salaam, naagiza matairi kutoka China, malipo siku 90 baada ya tarehe ya kupakia. Siku nafungua, Benki Kuu ilionyesha dola ni 2,480, nikapanga bei zangu za kuuzia kwa hiyo. Asilimia 30 niliiweka mapema benki kama dhamana. Juni wamenikata kwa 2,600, nimepoteza milioni 7.2. Si wanapaswa kutumia reti ya siku ya kufungua? Kuna mtu ananiambia anaweza kufunga reti ndani ya elsii yenyewe.

Jibu: Hapana, hawapaswi. Na huyo mtu usimpe hata nauli.

Elsii ni ahadi ya benki yako kwa muuzaji, na ahadi hiyo ni ya dola. Omba nakala ya ujumbe wa SWIFT MT700 uliotumwa China, haki hiyo unayo, kisha utafute mstari huu:

```
:32B:USD60000,
```

Hapo pameandikwa sarafu na kiasi, basi. Ujumbe wote hauna mahali pa kuandikia reti ya shilingi, kwa sababu muuzaji na benki yake haiwahusu unazipataje dola. Anayekwambia reti inafungwa ndani ya elsii hajawahi kuusoma ujumbe huo, au ameusoma na anajua wewe hujausoma. Habari ya shilingi iko kwenye karatasi nyingine kabisa, ile fomu ya maombi uliyosaini. Humo huwa kuna kifungu kinachoiruhusu benki kukata akaunti yako kwa kiwango chake cha kuuzia dola cha siku ya malipo. Karibu kila mtu hukisaini bila kukisoma.

Sasa hiyo 2,480 ya Benki Kuu. Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, maana mwagizaji huja na picha kwenye simu kana kwamba ameshika risiti. Namba inayotangazwa na Benki Kuu ni kielelezo cha soko, inatokana na jinsi mabenki yanavyouziana dola yenyewe kwa yenyewe. Siyo bei ambayo kuna mtu amejifunga kukuuzia wewe. Benki yako ina bei mbili zake, ya kununulia na ya kuuzia, na wewe unayehitaji dola unasimama upande wa kuuzia, ambao siku zote ndio ghali. Ungewauliza siku ile ile ya kufungua, tuseme wangekuambia 2,505. Basi hasara yako ina vipande viwili. Shilingi 25 kwa kila dola, yaani milioni 1.5, hazikuwa hasara hata kidogo: hiyo 2,480 hukuwa nayo tangu mwanzo, ulikosea hesabu ya bei za matairi. Shilingi 95 zilizobaki, yaani milioni 5.7, ndizo zilizotokana na dola kupanda. Vipande hivi usivichanganye. Cha kwanza unakipunguza kwa kubishana bei na benki, cha pili kwa kununua dola mapema au kuingia mkataba. Kwenda kulalamika kwa meneja wa tawi hakupunguzi hata kimoja.

Na ile asilimia 30? Wengi huamini sehemu hiyo "imeshalipiwa kwa reti ya zamani". Angalia taarifa ya akaunti. Kama fedha ya dhamana imeshikiliwa kwa shilingi, hakuna kilichonunuliwa. Dola 18,000 kwa 2,505 ni shilingi 45,090,000, nazo zimekaa benki zikiwa shilingi. Siku ya malipo kwa 2,600, shilingi hizo hizo zinanunua dola 17,342 tu. Kama siku ya kufungua ungeandika barua kuwaagiza wanunue dola 18,000 na kuzishikilia kwenye akaunti ya dola kama dhamana, ungeokoa shilingi 1,710,000. Barua hiyo ni ya mistari mitatu. Benki haitakukumbusha, kwa sababu shilingi zako zikikaa hapo bure zinawafaa.

Ukienda kwenye "siku ya malipo" yenyewe, nayo ina utata wake. Kwa elsii ya muda kama yako, siku haihesabiwi kuanzia nyaraka zilipofika Dar, bali kuanzia tarehe ya kupakia kwenye hati ya shehena, na tarehe hiyo yenyewe haihesabiwi. Hati ikiwa ya 10 Machi, siku 90 baadaye ni 8 Juni. Ikiangukia Jumapili, malipo yanasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Malipo ya dola hupitia mabenki ya New York, kwa hiyo sikukuu ya Marekani nayo husogeza malipo hata kama Posta mabenki yamefungua kama kawaida. Lakini reti mara nyingi hukatwa kabla ya malipo, kwa sababu dola inayonunuliwa kwa utaratibu wa kawaida wa soko hukabidhiwa siku mbili za kazi baadaye. Malipo yakiwa Jumatatu, biashara ya dola ilipaswa kufungwa Alhamisi. Unaweza kununua za kukabidhiwa siku hiyo hiyo, ila ni kwa bei wanayotaka wao.

Usipotoa maelekezo, mfumo wa benki hukata wenyewe kwa reti ya ubaoni, ile anayopewa mtu yeyote anayetuma dola 500 za ada ya shule. Mteja wa dola 60,000 hana sababu ya kulipa bei hiyo. Wiki moja kabla, andika barua pepe kwa meneja wako na kwa dawati la fedha za kigeni: msibadilishe kabla ya kunipigia. Asubuhi ya siku ya kununua, uliza bei kwao na kwa benki nyingine mbili, kwa wakati mmoja, kwa kiasi kile kile na tarehe ile ile ya kukabidhi. Bei ya saa tatu na ya saa nane ni bei mbili tofauti, kwa hiyo usizilinganishe. Kabla ya yote soma barua ya masharti ya mkopo wako, maana nyingine hukulazimisha ununue dola kwao tu.

Halafu kuna wanaoamua kutoweka pesa kwenye akaunti, wakisubiri dola ishuke. Benki yako ikishakubali nyaraka, italipa China siku ile, uwe na pesa usiwe nazo. Inakufungulia mkopo wa lazima. Mkopo huo ukiwa wa shilingi, reti imeshakatwa siku hiyo na riba imeanza kutembea. Ukiwa wa dola, reti bado iko wazi hadi utakapolipa, riba inatembea pia, na dola ikipanda tena umeumia mara mbili. Uliza mapema benki yako hufanya lipi kati ya haya.

Njia halali ya kujua reti kabla ni moja kama huna dola za kununua leo: mkataba wa fowadi. Mnakubaliana leo kwamba tarehe fulani utanunua dola 60,000 kwa bei fulani. Bei hiyo siyo utabiri wa mtu, inatokana na tofauti ya riba kati ya sarafu mbili:

```
F = S × (1 + rTZS × n/365) / (1 + rUSD × n/360)
```

F ni bei ya fowadi, S ni bei ya leo, rTZS na rUSD ni riba za mwaka za shilingi na za dola, na n ni idadi ya siku. Tuchukue bei ya 2,505, riba ya shilingi asilimia 8, ya dola asilimia 5, siku 120 tangu ufungue hadi ulipe. Inakuja karibu 2,529, kabla benki haijaongeza faida yake. Ungelipa takribani milioni 151.7 badala ya 156. Zaidi ya hilo, ungeijua namba hiyo Februari, ukapanga bei ya tairi kwa 2,529 na siyo kwa picha ya simu.

Fowadi ina masharti yake. Inakufunga na wewe pia: dola ikishuka hadi 2,400, bado unanunua kwa 2,529. Mwishoni mwa 2024 shilingi yetu iliimarika hadi karibu 2,400 kwa dola, na kabla ya katikati ya 2025 ilikuwa imerudi karibu 2,700. Aliyejifunga na asiyejifunga wote walikuwa na siku ya kucheka na siku ya kulia. Benki itataka uwe na kikomo cha mkopo kilichoidhinishwa au uweke dhamana zaidi. Tarehe nayo iwe sahihi. Unapofungua elsii hujui meli itapakia lini, hivyo omba fowadi ya dirisha, mfano kati ya tarehe 1 na 15 Juni, au subiri hati ya shehena itoke ndipo uchukue ya tarehe kamili. Ukichukua ya tarehe moja na mzigo ukachelewa kupakiwa, utalipa gharama ya kuisogeza.

Kwa hao wajanja wa mjini, kuna mbinu tatu ninazoziona kila mara. Ya kwanza ni anayekuuzia "elsii yenye reti maalumu" kwa ada ya asilimia fulani. Mdai akuonyeshe mkataba wa fowadi wenye jina lako, kiasi, bei na tarehe, uliotoka kwenye dawati la benki. Hana. Ya pili ni wa kukuletea dola za mfukoni uziweke benki. Biashara ya kubadilisha fedha bila leseni ni kosa, na benki itakuuliza dola hizo umezitoa wapi. Wakati wa uhaba wa dola wa 2023 wengi walikimbilia huko.

Ya tatu inafanywa hata na wafanyabiashara wazoefu: kutafuta kasoro kwenye nyaraka, herufi iliyokosewa kwenye ankara, ili kuchelewesha malipo dola ishuke. Kwa kanuni za kimataifa za elsii, UCP 600, benki ina siku tano za kazi baada ya siku ya kupokea nyaraka kuzikagua, na ikikataa itoe taarifa moja inayotaja kasoro zote. Siku hizo zikipita kimya, haki ya kudai kasoro imekwisha. Na kasoro ikiwa ya kweli na benki ikakataa, nyaraka zinabaki mikononi mwa benki kwa niaba ya muuzaji, nawe huna hati ya shehena ya kutolea mzigo. Kontena linakaa bandarini, siku za bure zinaisha, tozo za meli na za bandari zinaanza kuhesabiwa.

Elsii yako ijayo, kabla ya kusaini fomu, liulize dawati la fedha za kigeni mambo mawili na ulitake likujibu kwa maandishi: fedha yangu ya dhamana itashikiliwa kwa sarafu gani, na nisipopiga simu mtanikata kwa reti ipi.