Kuambiwa "umechoka" wakati umelala vizuri

"Kuna dada kazini kila asubuhi ananiambia 'mbona umechoka hivyo?' Nimelala vizuri kabisa. Nikikataa, anasema basi nina mawazo. Siku nzima nashinda najiangalia kwenye kioo. Nimjibuje bila ugomvi?"

Pole mdogo wangu. Mimi nauza dagaa pale sokoni Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na kope yangu ya kulia imelegea tangu kuzaliwa. Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa msichana.

Sokoni kwetu watu wana sababu ya kukisia uchovu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mzigo wa visiwani ukiingia alfajiri wengi tunakuwa hatujalala vya kutosha. Lakini mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanapumzika, biashara inapoa, nami nalala mpaka jua litoke. Hata siku hizo naambiwa, "Mama, leo umechoka kweli." Basi wanachokisoma ni kope, usingizi wangu hawaujui.

Daktari wa macho alinieleza kwamba msuli unaoinua kope yangu haukukua vizuri. Kwa kawaida kope ya juu hufunika ukingo tu wa lile duara la rangi la jicho, kama milimita 1 au 2. Ikishuka kupita hapo, anayekutazama anaona mtu mwenye usingizi, kwa sababu kope za anayesinzia nazo hushuka vivyo hivyo. Wapo pia wenye kope nzito za kurithi, na wenye bonde chini ya macho ambalo mwanga wa taa ya darini unalitia kivuli. Hao wote huambiwa wamechoka, na wengi wao wamelala fofofo.

Linaloumiza ni kwamba swali lenyewe halina mlango wa kutokea. Ukikubali, umekiri uchovu usio nao. Ukikataa, unaonekana unaficha kitu, na linafuata la pili, kama hilo la mawazo. Huku kwetu la pili linaweza kufika mbali: afya yako, ndoa yako, madeni. Mteja akinitamkia hivyo mezani, waliosimama nyuma yake nao wananyoosha shingo kunitazama. Yeye akifika kwenye mizani ameshasahau, mimi nimebaki nimeinua nyusi. Hilo la nyusi ni jambo la kweli kabisa: mwenye kope iliyolegea hukaza paji la uso ili kuisaidia ipande, na akishaambiwa anakaza zaidi. Jioni paji linaniuma, hapa juu ya nyusi.

Kwa huyo dada, usimjibu mbele ya watu. Mvute pembeni wakati wa chai, umwambie: "Najua unanijulia hali, nashukuru. Ila uso wangu ndivyo ulivyo, na ukiniambia nimechoka nashinda na hilo siku nzima. Wewe niulize tu nimeamkaje." Hayo ya mwisho usiyaache. Mtu aliyezoea kukujulia hali kwa namna fulani, ukimkataza bila kumpa namna nyingine, atanuna au ataacha kukusalimia. Akisahau kesho yake, mjibu kwa sauti ileile ya kawaida: "Nimelala vizuri dada, wewe je?" Usieleze zaidi. Ukianza kujitetea unamkaribisha aukague uso upya.

Sisemi watu wasizungumzie kabisa sura ya mtu. Jirani yangu wa meza aliwahi kunong'onezwa na mama anayeanika naye dagaa: "Asubuhi macho yako yako sawa, ikifika saa kumi jioni kope ya kushoto inashuka. Wiki hii nzima naliona hilo." Hakumwambia amechoka. Alimwambia alichokiona, upande gani na tangu lini, na akamwambia faraghani. Jirani alikwenda hospitali, akakutwa na ugonjwa ambao ujumbe wa mishipa ya fahamu haufiki vizuri kwenye misuli, ndiyo maana kope hulegea kadiri siku inavyosogea na hupata nafuu akipumzika. Sasa anatumia vidonge.

Nawe kabla ya kumlaumu dada, chukua picha yako ya miaka kadhaa nyuma, hata ile ya kitambulisho, uilinganishe na uso wako wa leo. Kama macho ni yaleyale, huo ni uso wako, achana na kioo. Kama kope imeshuka hivi karibuni, inazidi jioni, au unaona vitu viwili viwili, nenda kliniki ya macho. Ikiwa imeshuka ghafla pamoja na kichwa kuuma sana, au mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, usingoje kesho, nenda hospitali siku hiyohiyo.