Si kila kitenzi kinatenduliwa: funga, fungua na ndugu zao

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka kadhaa, na sentensi moja ya mwanafunzi ndiyo iliyonifanya niache kufundisha kauli ya kutendua, ile inayogeuza funga kuwa fungua, kwa orodha ya maneno. Aliandika: "Mvua ilipoanza, dada alianikua nguo, kisha akatelekua sufuria." Kanuni ya funga na fungua alikuwa ameishika, lakini maneno yote mawili hayapo.

Tuanze na anika. Kitenzi chenye -ik- au -ek- ya kuweka kitu mahali huiacha kabla ya kupokea -u- ya kutendua. Kwa hiyo anika ni anua, bandika ni bandua, funika ni funua, na ezeka ni ezua. Fukia na pakia nazo huacha -i-, tukapata fukua na pakua. Teleka ni habari nyingine kabisa, maana kinyume chake ni neno lisilo la ukoo wake: tunaepua sufuria. Hapo hakuna kanuni, ni kulijua neno tu.

Mwanafunzi akaniuliza, "Sasa mwalimu, nitajuaje kitenzi kinachokubali?"

Nilimwambia asitazame kitenzi, atazame kilichotendwa. Je, kitu kimefungwa, kimebanwa, kimefunikwa au kimepangwa kwa namna ambayo mkono unaweza kukirudisha kilivyokuwa? Nguo iliyokunjwa inakunjuliwa, mtego uliotegwa unateguliwa. Wali ulioiva haurudi kuwa mchele, ndiyo maana hatuna "pikua".

Kipimo hiki kinafanya kazi hata ndani ya neno moja, na hapa ndipo napapenda zaidi. Mwiba ukikuchoma mguuni, unauchomoa. Nyama ukiichoma, huwezi kuichomoa. Vitabu ulivyovipanga rafuni utavipangua, lakini chumba ulichopanga utakihama. Mlango uliofungwa unafunguliwa, na aliyefunga Ramadhani hufungua magharibi. Ila goli likishafungwa limefungwa, na ndoa iliyofungwa huvunjwa. Kwa hiyo ukijifunza jozi, jifunze pamoja na kitu chake: chomoa mwiba, pangua vitabu.

Kuhusu sauti, -u- hugeuka -o- baada ya o peke yake: choma, chomoa. Baada ya e hubaki -u-: tega, tegua. Wengi huandika "tegoa" kwa kuwa wamezoea tegea na chomea, ambako e na o huenda pamoja. Katika kutendua haziendi pamoja.

Jihadhari pia na -ua isiyotendua chochote. Nunua na chukua hazina "nuna" wala "chuka" ya kuzigeuza. Nuna ipo, lakini ni ya aliyekasirika. Na wafugaji watakwambia kukama ng'ombe na kukamua ng'ombe ni kazi ileile: maziwa yanatoka, hayarudi kiweleni.