Gemu ndogo inaweza kumaliza betri kuliko kubwa

Swali: Fundi, simu yangu ni ya 2018 na huku Manyatta stima inapotea karibu kila jioni. Nataka gemu moja au mbili za watoto kuchezea gizani, zisizozidi MB 20 ili zisile chaji wala bando. Nimeweka apu ya kuongeza betri lakini bado simu inazima ghafla ikiwa asilimia 25. Niweke zipi? – Mama wa wawili, Kisumu

Jibu: Mama, achana kwanza na hizo MB 20. Zile MB zinazoandikwa Play Store ni bando litakaloenda siku ya kuipakua; nafasi itakayochukua kwenye simu mara nyingi huwa kubwa zaidi. Kuhusu chaji hazisemi lolote. Kuchagua gemu kwa MB ni kama kununua jiko kwa kulipima uzito, bila kuuliza linakula makaa kiasi gani. Kila mara naona mteja amefuta gemu ya MB 90 isiyokuwa na shida, akaweka ya MB 12 inayomaliza betri kabla stima haijarudi.

Chukua drafti ya bure, ile yenye kijitangazo chini ya ubao. Wewe umetulia unawaza utasogeza kete gani, lakini tazama juu ya kioo pale alama ya mtandao ilipo. Kwenye simu nyingi utaona vishale vidogo vinawaka na kuzima. Tangazo linabadilishwa, mara nyingi kila nusu dakika au dakika moja, na kila likibadilishwa redio ya simu, kile kipande kinachoongea na mlingoti wa netwaki, inaamshwa. Ikishaamka hailali papo hapo. Inabaki macho sekunde kadhaa ikingoja kama kuna kingine cha kupokea, na inapokaribia kulala tangazo lingine linafika. Mahali ambapo netwaki ni dhaifu ni mbaya zaidi, kwa sababu simu inalazimika kupaza sauti ili mlingoti uisikie. Halafu kuna tangazo la video kila mchezo ukiisha. Tuseme video moja ni MB 5 na watoto wamecheza raundi kumi: hizo ni MB 50 jioni moja, kwa gemu uliyoipenda kwa sababu ni ya MB 12.

Kwa hivyo, kabla ya kupakua, angalia chini ya jina la gemu kama pameandikwa "Contains ads". Ukishapakua, ifungue mara moja stima ikiwepo, kisha ifunge kabisa, washa "Airplane mode" na uifungue tena. Ikikubali kuchezeka hivyo, ni yako. Ikigoma au ikizunguka tu ikitafuta mtandao, ifute bila huruma. Usiku ukingoja simu ya mtu, si lazima utumie "Airplane mode"; zima data tu, simu zitaingia kama kawaida na matangazo mapya hayatashuka.

Baada ya mtandao kuna kuchora. Gemu za mpira, za magari na zile za kukimbia zinachora picha upya mara 30 hadi 60 kila sekunde, uguse usiguse. Drafti, sudoku, karata za kupanga na mafumbo ya maneno hazina haja hiyo. Zinaweza kuchora ukigusa, kisha zikatulia. Nasema zinaweza, kwa maana watengenezaji wengine hupamba ubao kwa nyota zinazoanguka na vitufe vinavyopumua. Weka simu mezani bila kuigusa, uitazame. Kama kuna kitu chochote bado kinacheza kwenye kioo, chipu inafanya kazi na wewe unailipia. Shika na mgongo wa simu: gemu ya kuwaza haipaswi kuupasha moto.

Kuna mtego kwenye chesi. Ukicheza dhidi ya simu yenyewe kwenye kiwango cha juu, inapopiga hesabu ya mchezo wake inatumia prosesa kwa nguvu zote. Shusha kiwango, au bora watoto wacheze wao kwa wao wakipokezana simu. Ukitaka jina moja la kuanzia, tafuta "Simon Tatham's Puzzles": ni mkusanyiko wa mafumbo mengi ndani ya apu moja, bila matangazo, na hauhitaji mtandao. Si ya rangi nyingi, na hilo ndilo jema lake.

Kioo nacho ukishushe mwangaza. Gizani hata robo inatosha. Kama simu yako ina kioo cha LCD, kama zilivyo nyingi za bei nafuu za miaka hiyo, rangi nyeusi nyuma ya gemu haikuokolei chaji. Taa ya nyuma inawaka vilevile.

Sasa hiyo asilimia 25. Hapo gemu inachochea tu, ugonjwa ni betri. Betri ikizeeka, ukinzani wake wa ndani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, unapanda. Kitu kizito kikivuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zinaporomoka chini ya kiwango ambacho simu inahitaji, nayo inazima hata kama ndani kumebaki kitu. Ukiiwasha tena bila chaja na ikasema asilimia 20, umepata jibu lako. Ndiyo maana simu hiyohiyo itazima kwenye gemu ya magari ikiwa 25, lakini kwenye drafti ikaendelea kushuka taratibu. Dawa ni betri nyingine. Na stima ikirudi, waambie watoto waiache ijichaji kwanza, kwa sababu joto la kuchaji likiongezwa la gemu ndilo linaloizeesha haraka.

Hiyo apu ya kuongeza betri ifute leo. Hakuna programu inayoweza kuongeza hata mAh moja ndani ya betri. Kazi yake ni kufunga apu zilizolala kwenye kumbukumbu, ambazo hazikuwa zikila karibu chochote, na ukizifungua tena simu inatumia nguvu zaidi kuzipakia upya. Wakati huo yenyewe iko macho, na nyingine za aina hiyo hukuonyesha matangazo. Tangu Android 6 ya 2015, simu inajua yenyewe kulaza apu usipoitumia. Wanaokuambia umalize chaji hadi sifuri ndio betri "ijipange upya" wanakuuzia desturi ya betri za nikeli za zamani. Ya lithiamu ukiimaliza kabisa kila mara unaiumiza.

Wabaya zaidi ni wanaotuma kwenye WhatsApp faili la gemu "iliyovunjwa, haina matangazo". Sijui mara ngapi nimesafisha simu za watu waliolipokea. Ukilisakinisha, soma linaomba ruhusa gani. Drafti haina kazi na SMS zako, wala na orodha ya majina. Na likikuomba uliwashie "Accessibility", maana yake linataka kusoma kilicho kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako, kwenye simu hiyohiyo unayotolea pesa za M-Pesa. Bora uvumilie matangazo na data ikiwa imezimwa.