Kutoka picha za akili mnemba hadi filamu fupi: bibi wangu aligeuka kijana ndani ya sekunde 20

"Wakuu, nimetengeneza picha kama 15 za hadithi yangu kwa akili mnemba, nzuri kabisa. Nikizigeuza kuwa video kila kipande kinakuwa na mtu mwingine, na nikiziunga haionekani kama filamu moja. Nakosea wapi?"

Mkuu, nadhani najua ulipo kwa sababu nilikaa hapo hapo wiki mbili. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya sekunde 75 hivi: bibi mmoja wa pwani anaamka alfajiri, anachemsha chai, anabeba chupa hadi ufukweni kumngoja mjukuu wake arudi na ngalawa. Basi. Hakuna anayesema neno.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuunga klipu kwa mkia. Natengeneza klipu ya sekunde 5, nachukua fremu ya mwisho, naifanya mwanzo wa klipu inayofuata. Kwa akili ya kawaida inaonekana ndiyo njia sahihi, maana kipande kinaanzia kilipoishia chenzake. Kufika klipu ya nne, bibi hakuwa na kunyanzi hata moja, uso unang'aa kama amepakwa mafuta, na ukuta wa jikoni umekuwa wa rangi ya chungwa. Sababu ni kwamba fremu ya mwisho huwa imeshafifia kidogo kwa mwendo na kwa kubanwa kwa video, na sura imeshasogea kidogo. Mashine haijui kwamba hilo ni kosa. Inalichukua kama ndivyo bibi alivyo, inaongeza kosa lake juu yake, na safari inaendelea. Ukitaka kuona uharibifu, weka fremu ya kwanza ya klipu ya kwanza kando ya fremu ya mwisho ya klipu ya nne. Ukiziangalia moja moja zikipita, jicho linazoea na huoni kitu.

Dawa yake ni kila shoti ianze na picha yake yenyewe, safi, iliyotoka kwenye storibodi, yaani ule mfuatano wa picha za hadithi yako. Kwa hiyo kazi ya kumfanya bibi awe yule yule unaimaliza kwenye picha, kabla hujagusa video.

Mimi nilianza na picha nne tu za bibi: mbele, robo tatu, ubavuni na mwili mzima, nyuma kijivu kitupu, mwanga usio na kivuli. Hizo ndizo rejea, na kila picha ya hadithi niliitengeneza kwa kuziambatisha. Mahali vilevile: jiko nililitengeneza mara moja kwa picha pana, halafu picha nyingine za jikoni nikazipata kwa kuihariri hiyo hiyo. Ukiiomba mashine "jiko lile lile" kwa maneno matupu, itakujengea nyumba nyingine.

Hapa kuna mtego wa kwetu. Nilimvisha bibi kanga. Maandishi ya kanga yalitoka kama lugha ya majini, na kila picha yalikuwa majini wengine. Nikambadilishia kitambaa cha kijani kisicho na maandishi wala maua, na tatizo likaisha. Ngalawa nayo ilinitoa jasho: nilipata boti za starehe, nikapata ngalawa yenye mbao ya pembeni upande mmoja tu, hadi nilipoipa mashine picha halisi niliyopiga mwenyewe ufukweni kama rejea.

Picha zikikamilika usikimbilie kuzitembeza. Zipange zote kwenye programu ya kuediti kwa mfuatano, kila moja ikae muda unaodhani shoti itakaa, weka sauti ya bahari chini yake, kisha itazame kama filamu ya picha zilizosimama. Mimi nilikuwa na picha 27. Baada ya kuitazama mara tatu nikatupa 5, kwa sababu zilikuwa zinasema kitu kilichokwishasemwa. Hizo ni klipu tano ambazo sikuzilipia.

Hapo ndipo nilipogundua pia kwamba bibi anatazama baharini upande wa kulia wa skrini, na ngalawa nayo inaelekea kulia. Maana yake inamkimbia! Nikaigeuza picha ya ngalawa kama kwenye kioo, ikawa inamjia. Nikajiona mjanja, nikageuza na shoti moja ya bibi kwa karibu, na kipini chake kikahamia tundu la kulia la pua. Ngalawa geuza utakavyo, uso usiuguse.

Sasa kuzitembeza. Storibodi ya kawaida huchora kilele cha tendo: chai inamiminika, mkono umeinuliwa. Kwa video, picha yako ya kuanzia inatakiwa iwe nukta moja kabla ya tendo, ili mashine ipate pa kwenda. Nilipoipa picha ya chai ikimiminika, chai ilimiminika sekunde 5 nzima na kikombe hakikujaa. Nikaivunja shoti ikawa mbili: mkono unaishika chupa na kuanza kuiinamisha, kata, kikombe kimeshajaa kinafuka moshi. Mtazamaji anajimiminia mwenyewe kichwani.

Kwenye maelezo usirudie kueleza picha, mashine inaiona. Andika mwendo tu: jambo moja la mtu, jambo moja la kamera. "Bibi anageuza kichwa polepole kuelekea baharini. Kamera imetulia." Ukimwambia ageuke, ainuke, atembee na kamera imzunguke, utapata mikono mitatu.

Kuna sehemu moja tu niliunga kwa mkia, bibi akipita mlangoni, kwa sababu ni mwendo mmoja usiokatika. Fremu ya mwisho niliitoa kwa ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, hivi:

```
ffmpeg -sseof -1 -i s06.mp4 -update 1 s06_mwisho.png
```

Kisha nikaisafisha uso kwa zile rejea kabla ya kuiendeleza. Kama chombo chako kinakubali picha ya mwanzo na ya mwisho kwa pamoja, hiyo ni bora zaidi, mradi picha mbili ziwe za mahali pamoja na zisitofautiane sana. Zikiachana mno, ya kwanza itayeyuka kama barafu na kuwa ya pili.

Kwenye kuunga, usitumie klipu nzima. Klipu nyingi huanza kwa kuganda kidogo, na mwishoni sura ndiyo inaanza kupotea. Nyama iko katikati, kwangu ni sekunde 2 hadi 3 na nusu. Kata wakati kitu kingali kinasogea: bibi anaanza kugeuka kwenye shoti pana, anamalizia kugeuka kwenye shoti ya karibu. Hata kama kitambaa kimepishana rangi kidogo, jicho linafuata mwendo. Halafu sauti ya bahari ipite chini ya shoti zote bila kukatwa pamoja na picha, na rangi uirekebishe kwa shoti zote kwa pamoja mwishoni.

Kwa shoti 22 nilitengeneza klipu 61. Mbili zilinishinda kabisa, mikono ya bibi ikifunga chupa na nyayo kwenye mchanga, nikaziacha picha zilizosimama na kuzisogeza karibu taratibu kwenye programu ya kuediti. Nimewaonyesha watu wengi na hadi leo hakuna aliyeniuliza kuhusu hizo mbili. Wanauliza kwa nini bibi hana kanga.