Pima muda wa kurejesha bakapu kabla hujauahidi

Fungua mpango wa dharura wa taasisi yoyote yenye mfumo wa kompyuta, utakuta jedwali lenye takwimu mbili: RTO saa 4, RPO saa 24. RTO ni muda mrefu kabisa ambao huduma inaruhusiwa kusimama baada ya janga. RPO ni kiasi cha data mlichokubali kukipoteza, kikihesabiwa kwa muda. Mimi kazi yangu ni kusimamia hifadhidata, na nikikabidhiwa jedwali la namna hiyo swali langu la kwanza huwa moja: nani alizipima? Mara nyingi hakuna. Zilitajwa kikaoni, zikasikika vizuri, zikaandikwa.

Tuanze na RPO, maana ndiyo inayodanganya zaidi. Mfumo mmoja niliousimamia ulikuwa na hifadhidata ya PostgreSQL, na bakapu ilichukuliwa kila usiku saa 8:00 kwa `pg_dump`, programu ya PostgreSQL inayotoa nakala ya data yake kwenye faili. Ilimalizika saa 9:10, kisha faili lilisafirishwa kwenda kwenye hifadhi iliyo mbali na jengo, likafika saa 11:00 alfajiri. Bakapu moja kila siku, basi kila mtu akasema RPO ni saa 24.

Hesabu haiendi hivyo. `pg_dump` hunasa hali ya data ilivyokuwa pale ilipoanza, siyo ilipomaliza. Malipo yaliyoingia saa 8:05 hayamo, hata kama faili limekamilika saa 9:10. Sasa chukulia jengo limeungua saa 10:50 alfajiri. Faili la usiku huo lilikuwa bado njiani, kwa hiyo halipo. Lililobaki salama ni la usiku uliotangulia, lenye data ya hadi saa 8:00 ya usiku ule. Hapo umepoteza kazi ya saa 26 na dakika 50. Kwa maneno mengine, hasara kubwa inayowezekana ni muda kati ya bakapu mbili, ukijumlisha muda wote tangu bakapu inaanza hadi inapokuwa salama mahali pengine. Kwa mfumo ule ni kama saa 27, na aliyeahidi 24 amevunja ahadi kabla janga lenyewe halijatokea.

Hiyo ni ikiwa bakapu inachukuliwa kweli. Tazama mstari huu, ambao nimeukuta kwenye seva nyingi:

```bash
pg_dump duka | gzip > duka.sql.gz
```

Ukiuendesha na `pg_dump` ikashindwa, labda nywila imebadilishwa, `gzip` haina habari. Inapokea utupu, inaufinya, na inatoa ripoti kwamba kazi imekwenda salama. Mfumo wa kuratibu kazi unaona mafanikio, faili lenye tarehe ya leo lipo, na ukubwa wake ni baiti 20. Dawa yake ni kuweka `set -eo pipefail` juu ya skripti, na kulinganisha ukubwa wa faili la leo na la jana. Faili lililopungua ghafla lipige kengele kwa mtu, siyo kwenye logi isiyosomwa na yeyote.

Wakubwa pia yamewakuta. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu, akiwa anahangaika na tatizo lingine, alifuta folda ya data kwenye seva kuu ya hifadhidata. Walipokimbilia bakapu za `pg_dump` hawakuzikuta. Programu iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata yenyewe ni 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikigoma. Barua pepe za kutoa taarifa ya kugoma huko nazo zilikuwa zikikataliwa njiani, kwa kuwa hazikutimiza masharti ya DMARC, utaratibu wa kuthibitisha mtumaji wa barua pepe. Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono kama saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walipoteza data ya takriban saa 6, na huduma ilirudi baada ya saa zipatazo 18, kwa sehemu kubwa kwa sababu diski walizokuwa wakinakili kutoka kwake zilikuwa za polepole. Waliyaandika yote haya hadharani wenyewe, na ninawaheshimu kwa hilo.

Sasa jaribio lenyewe. Kufungua faili na kuona kwamba linafunguka hakutoshi. Jaribio ninaloliamini linafanyika kwenye seva tupu, na anayelifanya siye aliyetengeneza bakapu. Anapewa mwongozo ulioandikwa tu; akikwama, swali lake linaandikwa kwanza ndipo linajibiwa, kwa sababu siku ya janga mwenye majibu huenda yuko ndani ya ndege. Seva hiyo isiweze kuifikia mifumo ya kazi, na isiwe na njia ya kutuma ujumbe nje. Hili usilipuuze: mfumo uliorejeshwa unaamka na ratiba zake zote, na unaweza kuwatumia wateja ankara za wiki iliyopita kwa mara ya pili.

Saa inaanza kuhesabiwa tangu huduma ilipozimika, siyo tangu amri ya kurejesha ilipoandikwa. Kwa mfumo ule niliousema, jaribio la kwanza lilikwenda hivi. Kugundua kwamba tatizo ni kubwa, dakika 20. Kumpata mwenye mamlaka ya kusema "tunarejesha", dakika 30. Kuandaa seva mpya, dakika 40. Kuvuta faili la gigabaiti 60 kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde, kwenye karatasi ni dakika 80, lakini laini haikuwa yetu peke yetu, zikafika 95. Kupakia data na kujenga faharisi upya, dakika 170. Kuhakiki na kuwaelekeza watumiaji kwenye seva mpya, dakika 35. Jumla dakika 390, yaani saa 6 na nusu. Jedwali liliahidi 4.

Angalia kwamba saa nzima na nusu ilipita kabla hata faili halijaanza kuvutwa. Watu hununua diski za kasi ilhali kinachowachelewesha ni simu ya bosi isiyopokelewa. Andika mapema nani anaamua, na nani anaamua yeye asipopatikana.

Sehemu ya kitaalamu ilirekebishika. Tuliacha kutoa SQL tupu, tukahamia muundo wa `-Fc`, ambao unaruhusu kurejesha kwa mikono kadhaa kwa wakati mmoja:

```bash
pg_restore -j 4 -d duka duka.dump
```

Dakika 170 zikashuka hadi 75. Kuongeza namba ya `-j` zaidi ya hapo hakukusaidia, kwa sababu data ya jedwali moja hupakiwa na mkono mmoja, na sisi tulikuwa na jedwali moja kubwa kuliko mengine yote kwa pamoja. Nakala ya ziada ya faili iliwekwa karibu na pale seva mpya itakaposimama, kuvuta kukawa dakika 15. Maandalizi ya seva yakaandikwa kama skripti, dakika 10. Jumla mpya ni dakika 185, zaidi kidogo ya saa 3. Hapo ndipo ahadi ya saa 4 ilipata miguu.

Jaribio hilohilo lilifichua mambo mawili ambayo yasingeonekana kwa njia nyingine. La kwanza, `pg_restore` ikikutana na kosa haisimami. Inaendelea, na mwishoni inaandika mstari mmoja tu, kwa mfano:

```
pg_restore: warning: errors ignored on restore: 14
```

Makosa yale 14 yalitokana na akaunti za watumiaji wa hifadhidata. `pg_dump` haizibebi, lazima uzichukue kando kwa `pg_dumpall --globals-only`. Data yote ilikuwepo, ila programu ilikataa kuingia kwa sababu akaunti yake haikuwepo. La pili, bakapu ilikuwa imesimbwa, na ufunguo wa kuifungua ulikaa kwenye seva ileile ambayo kwa mujibu wa zoezi imeungua. Ufunguo huo sasa upo sehemu mbili nje ya mfumo.

Kuhakiki nako kuna namna yake. Huduma ikiwaka na ukurasa wa kwanza ukafunguka, bado hujui kitu. Mimi nauliza hifadhidata rekodi yake ya mwisho ni ya lini:

```sql
SELECT max(muda), count(*) FROM malipo;
```

Tofauti kati ya `muda` huo na wakati tuliojifanya janga limetokea ndiyo RPO halisi ya siku hiyo. Idadi ya mistari nailinganisha na ile ambayo skripti iliiandika wakati wa kuchukua bakapu. Huenda zikapishana kidogo kama kazi ilikuwa ikiendelea, lakini pengo la maelfu lina sababu yake na inatafutwa. Kisha namwomba mtumiaji wa kweli, siyo fundi, afungue kumbukumbu anayoijua na aseme kama imekamilika.

Mtumiaji huyohuyo ndiye wa kukuambia RPO iwe ngapi. Niliwahi kumuuliza mhasibu, "Tukipoteza siku nzima, mnaweza kuiingiza upya?" Akanijibu, "Za stakabadhi ndiyo, karatasi zipo. Zinazoingia zenyewe kwenye mfumo hatuna pa kuzitoa." Jibu hilo lilimaliza mjadala wa miezi. Data yenye chanzo kingine inaweza kusubiri bakapu ya usiku. Isiyo na chanzo haiwezi. Kwa ile ya pili tuliweka hifadhi endelevu ya WAL, yaani kumbukumbu ya kila badiliko, ikisafirishwa nje, na `archive_timeout` ikiwa sekunde 300. Hasara ikashuka hadi kama dakika 5, pamoja na muda wa kusafirisha. Inahitaji bakapu ya msingi ya `pg_basebackup`, kwa kuwa mabadiliko hayo hayawezi kumwagwa juu ya faili la `pg_dump`, na mnyororo wake ukikatika katikati, yote yaliyo baada ya pengo hayasaidii kitu. Seva pacha inayonakili papo kwa papo haichukui nafasi yake. Mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, pacha naye analifuta ndani ya sekunde.

Kuhusu mara ngapi: kupakia faili na kuhesabu mistari kunaweza kufanywa na skripti kila usiku bila mtu. Zoezi zima, lenye saa mkononi na mtu asiyeujua mfumo, nalirudia kila robo mwaka, na tena kila toleo la hifadhidata linapopandishwa au data inapoongezeka maradufu, kwa sababu dakika 75 za mwaka jana zilipimwa kwa data ya mwaka jana.