Nimefuta majina kwenye ripoti. Je, naweza kuiweka kwenye akili mnemba?

Swali: Sera ya kazini inakataza kuweka "taarifa za siri" kwenye zana za akili mnemba. Mimi niko idara ya rasilimali watu. Nikifuta majina kwenye ripoti ya nidhamu kisha nikaomba muhtasari kwa akaunti yangu binafsi, nitakuwa nimevunja sera? Na muhtasari ukikosea, lawama ni ya nani?

Jibu: Utakuwa umeivunja, ndugu yangu. Ripoti ikisema "mhasibu wa tawi, mwanamke, aliajiriwa Machi 2016, amerudi juzi kutoka likizo ya uzazi", wenzake watamjua hata bila jina. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta. Ukipakia faili zima badala ya kubandika maandishi, hatari inazidi, kwa sababu faili huweza kubeba maoni ya pembeni, kurasa zilizofichwa na jina la aliyeliandika.

Kuhusu akaunti binafsi, hapo mwajiri wako hana mkataba wowote na mtoa huduma. Kulingana na mipangilio, mazungumzo yako yanaweza kuhifadhiwa na hata kutumika kufundishia mifumo mipya, na kuyafuta kwenye skrini hakurudishi kilichokwisha kutumika. Akaunti ya kazini iliyoidhinishwa ni afadhali, lakini waulize Tehama imeidhinishwa kwa data za kiwango gani. Kuruhusiwa kuandikia barua za kawaida si kuruhusiwa kuweka mafaili ya nidhamu.

Njia ninayoipendekeza ni kuomba kiunzi, si muhtasari. Andika hivi: "Nipe muundo wa muhtasari wa kesi ya nidhamu wenye tuhuma, ushahidi, utetezi, uamuzi na haki ya rufaa." Hapo hujatoa siri ya mtu. Maelezo ya kesi utayajaza mwenyewe kwenye kompyuta ya kazini.

Lawama ni yako, maana sahihi ni yako. Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi zisizokuwepo zilizobuniwa na ChatGPT, kisha wakazing'ang'ania zilipotiliwa shaka.

Kwenye kazi yako kosa huwa dogo zaidi kwa macho. Ripoti inasema "anatuhumiwa kuchukua fedha", muhtasari unasema "alichukua fedha". Neno hilo moja linamhukumu mtu kabla hajasikilizwa. Kwa hiyo hata zana ikiwa imeidhinishwa, weka ripoti pembeni, pitia muhtasari sentensi kwa sentensi, na ile usiyoiona chanzo chake kwenye ripoti, ifute.